Debe hili, ndoo hii: ngeli zetu mbele ya “le” na “la”

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwa wakala wa mizigo Tunduma. Wateja wetu wengi wanatoka Lubumbashi. Kwa mdomo tunaelewana kwa Kiswahili, ila karatasi na meseji za ofisi wanataka Kifaransa. Kila Jumamosi napanda Mbeya mjini kusoma, huu ni mwezi wa saba. Mwalimu wa kwanza alituambia Waswahili tuna bahati, ngeli zimeshatufundisha kike na kiume cha Kifaransa. Wa pili anasema tuzisahau ngeli kabisa, zinatuharibu. Nimfuate yupi?

Jibu: Marahaba, na pole na safari. Walimu wako wote wawili wameona kitu cha kweli, ila kila mmoja ameshika upande wake. Ndani ya jambo hili kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kujua nomino iko kundi gani. Ya pili ni kuyafanya maneno mengine katika sentensi yaifuate nomino hiyo. Kwenye kazi ya kwanza ngeli hazikupi jibu hata moja. Kwenye ya pili una mtaji ambao mtu aliyekulia Kiingereza hana. Halafu ipo sehemu moja, tunapotaja watu, ambapo ngeli zinapotosha kweli. Huko mwalimu wako wa pili ana haki ya kulalamika.

Nianze na kundi. Simama pale sokoni Mwanjelwa asubuhi. Mama mmoja anapima mahindi kwa debe, jirani yake anauza nyanya kwa ndoo. Vyombo hivyo vinakaribiana ukubwa na kazi yake ni ileile, lakini debe hili limejaa na ndoo hii imejaa. Hutasikia “ndoo hili limejaa”. Waulize kwa nini, watakushangaa, maana hakuna sababu ndani ya chombo chenyewe. Tena maneno yenyewe hayana alama ya wazi usoni: “debe” halina kiambishi, na “ndoo” halina kinachojitenga waziwazi. Umejuaje makundi yake? Umeyajua kwa jirani zake, yaani hili, hii, la, ya, limejaa, imejaa, uliyoyasikia mara elfu tangu utotoni.

Jinsia ya nomino katika Kifaransa ni hivyohivyo. Baiskeli ina majina mawili, “vélo” na “bicyclette”. Chombo ni kilekile, lakini ni “le vélo” na “la bicyclette”, la kwanza la kiume na la pili la kike, na hakuna chochote cha kiume wala cha kike kwenye baiskeli. Mwaka 1958 mwanaisimu Mmarekani Charles Hockett alieleza kwamba jinsia ni makundi ya nomino yanayojitokeza katika mwenendo wa maneno yanayoandamana nazo. Kwa maelezo hayo ngeli zetu ni jinsia pia, nyingi tu, na za Wafaransa ni ngeli mbili zilizopewa majina ya kike na kiume. Majina hayo ndiyo yanayowachanganya wanafunzi wangu wengi hapa Iringa. Wanatafuta uanamke ndani ya meza.

Kwa hiyo usijaribu kuhamisha kundi kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Najua jaribu hilo linatoka wapi. Mtu wa Rungwe aliyeanza na Kinyakyusa alipofika kwenye Kiswahili aliona “umundu, abandu” zikigeuka “mtu, watu”, na mara nyingi akawa salama, kwa sababu hizo ni lugha za ukoo mmoja na makundi yake yametoka kwenye shina moja. Kati ya Kiswahili na Kifaransa hakuna shina hilo. Neno la KI-VI linaweza kuwa la kike au la kiume kule, na la LI-YA vilevile.

Badala ya kundi, hamisha namna ya kulijua. Wewe hukujifunza “debe” peke yake, ulijifunza “debe hili”. Basi kwenye daftari lako usiandike “caisse: kasha”. Andika “une caisse vide”, kasha tupu, na “un camion vide”, lori tupu. Tumia “un” na “une” kuliko “le” na “la”, kwa sababu mbele ya irabu zote mbili humezwa na kuwa “l'”, na jinsia inajificha. “L'adresse” ni la kike na “l'entrepôt”, ghala, ni la kiume, lakini ukiwa na “l'” tu huwezi kuzitofautisha. Sema “une adresse, un entrepôt” na siri imetoka.

Jambo jingine ni jicho. Jicho la Mswahili hutazama mwanzo wa neno: ki-, vi-, m-, u-. Kwenye Kifaransa dalili nyingi ziko mkiani. Maneno ya karatasi zako yenyewe yanaonyesha hivyo. Yanayoishia na -tion ni ya kike: “déclaration, destination”. Ya sifa na kiasi yanayoishia na -té nayo ni ya kike: “quantité, qualité”. Yanayoishia na -ment ni ya kiume, kama “document, paiement, chargement”, na mengi ya -age pia, kama “passage, péage, emballage”. Wapo waasi, kama “page” na “image” ambayo ni ya kike, lakini ni wachache na unaweza kuwakariri. Hii ni tabia mpya unayopaswa kuijenga, kutazama mkia, na ngeli hazijakuandaa kwa hilo.

Sasa tuje kwenye kazi ya pili, ambayo kwangu ndiyo tamu. Nina ujumbe wa mwanafunzi wangu mmoja, naye yuko kwenye shughuli za mizigo kama wewe. Alitaka kumwambia mteja wa Kongo hivi: “Mzigo ulifika jana. Uko ghalani. Spea nilizoziweka kwenye kasha ni mpya. Mama mwenye mzigo ametuma lori lake. Nimemjibu.” Akaandika:

“Le marchandise est arrivé hier. Il est dans l'entrepôt. Les pièces que j'ai mis dans la caisse sont neufs. La cliente a envoyé sa camion. Je l'ai répondue.”

Mwalimu mwenye haraka angeweka alama nyekundu saba. Mimi naona makosa manne, na kila moja lina chimbuko lake.

Tazama sentensi mbili za mwanzo. “Marchandise” ni la kike, kwa hiyo ilipaswa kuwa “La marchandise est arrivée hier. Elle est dans l'entrepôt.” Ameandika “le”, akaandika “arrivé” bila e ya pili, akaandika “il”. Yanaonekana makosa matatu, lakini maneno hayo matatu yamekubaliana yenyewe kwa yenyewe. Amekosea kundi mara moja tu, kisha akalifuata kwa uaminifu hadi mwisho, hata kwenye sentensi ya pili ambako nomino yenyewe haipo. Hiyo ndiyo kazi ya ngeli. Kwa Kiswahili anasema “mzigo ulifika, uko ghalani”, na ile u- ya “uko” inamlazimisha kukumbuka kwamba anaongelea mzigo. Kitu kwetu kina kiwakilishi chake kulingana na kundi lake. Mtu wa Kiingereza husita kukiita kitu “elle”, lakini Mswahili hasiti, kwa sababu maisha yake yote ameita ufunguo u-, kitabu ki-, na gari li-. Kumtibu mwanafunzi wa namna hii ni kumpa “une marchandise” aikariri. Kumfundisha upya kanuni za upatanisho ni kumpotezea Jumamosi.

Na hapo una kipimo cha kujikagua mwenyewe. Ukikuta maneno yako yote yamekosea kwa kukubaliana, shida ni kundi. Ukikuta yanapingana, mathalani “la marchandise est arrivé”, basi kundi unalijua lakini umeacha kulifuata njiani. “Arrivé” na “arrivée” zinatamkwa sawa, kwa hiyo sikio halitakusaidia hapo. Kipimo hiki ni cha macho na kalamu.

Sentensi ya tatu ni ngumu zaidi, na ndiyo inayowatoa jasho hata Wafaransa wenyewe. Inatakiwa iwe “Les pièces que j'ai mises dans la caisse sont neuves.” Kwanza, “les” haikuonyeshi jinsia, kwa kuwa wingi wa “le” na wa “la” ni uleule mmoja. Jinsia imefichwa, haijafutwa, na kivumishi kinaitoa nje. Nilimwambia aniambie spea moja, akajibu haraka, “une pièce”. Kundi alilijua. Kilichomponyoka ni kulifuata, na sababu ni kwamba “les” ilimlaza usingizi. Basi kwenye wingi rudi kwanza kwenye umoja, kisha andika.

Kuhusu “mises”, kanuni ya Kifaransa ni hii: kitenzi kikitumia kisaidizi “avoir”, kama “j'ai” hapa, umbo la “mis” halifuati kitu kinachotendwa kikija nyuma yake, bali hukifuata kikitangulia. “J'ai mis les pièces”, bila alama. “Les pièces que j'ai mises”, pamoja na alama, na hapa sikio linaisikia, maana “mises” inatoa sauti ya z mwishoni. Vitabu huifundisha kama fumbo la kukariri. Lakini linganisha na Kiswahili chako. “Nimeweka spea kwenye kasha”: spea imekuja nyuma, na kitenzi hakina alama yake. “Spea nilizoziweka kwenye kasha”: spea imetangulia, na kitenzi kimebeba -zo- na -zi-, vyote viwili vikiifuata spea. Kitu kilichokwisha kutajwa huacha alama yake kwenye kitenzi. “Barua niliyoiandika” ni “la lettre que j'ai écrite”. Ukisikia -i- yako moyoni, kumbuka -te yao.

Usiuvute mlinganisho huu mbali sana. Unafaa kwa vitu, si kwa watu. Sisi tukitaja mtu huweka alama hata akija nyuma: “nimemwona mama”. Mfaransa husema “j'ai vu ma mère”, na “vu” haifuati chochote kwa kuwa mama yuko nyuma. Hata kwa vitu twaweza kusema “nimekisoma kitabu” tukimaanisha kile tunachokijua. Kwa hiyo Kiswahili kikukumbushe kuuliza, lakini uamuzi ufanye kwa macho: nomino iko mbele ya kitenzi au nyuma?

“Sa camion” ni kosa la aina nyingine, na hapa naomba usizilaumu ngeli. Sahihi ni “son camion”, kwa sababu “camion” ni la kiume, haijalishi mwenye lori ni mama au baba. Kwetu ni hivyohivyo: lori lake, kitabu chake, ufunguo wake. Kinachofuatwa ni kitu, si mwenye kitu. (Najua mtaani wengi tunasema “gari yake”, na bado hapo kinachofuatwa ni gari.) Mwanafunzi huyu aliweka “sa” kwa sababu mteja ni mwanamke, na huo ni utaratibu wa Kiingereza, alichokisoma kuanzia shule ya msingi hadi sekondari kabla ya kukutana na Kifaransa. Wengi wetu tunatafsiri kwanza kwa Kiingereza kwa kudhani lugha za Ulaya zinafanana, na tunaibeba shida ambayo Kiswahili hakina. Kwenye “son” na “sa” toka Kiswahili nenda moja kwa moja.

Utakutana na “mon amie”, “son adresse”, uone “mon” na “son” mbele ya maneno ya kike, uvunjike moyo. Hapo ni irabu tu. Kifaransa kinakwepa irabu mbili kugongana, kama sisi tunavyosema “chakula” na “chombo” pasipo ki-. Chakula kimebadili uso lakini bado ni hiki, kimepoa, cha jana. Vivyo hivyo “mon amie” bado ni la kike, na vivumishi vyake vitakuwa vya kike: “mon amie est contente”.

Kosa la nne, “Je l'ai répondue”, ni la Kiswahili kabisa. Inatakiwa “Je lui ai répondu.” Kwetu -m- inabeba anayetendwa na anayetendewa bila kubagua: nimemwona, nimempa, nimemjibu, nimemwambia. Kifaransa kinawatenganisha. Unayemwona ni “la” au “le”, na akitangulia, umbo la kitenzi linamfuata. Unayempa, unayemjibu, unayemwambia anaingia kwa “à”, anakuwa “lui”, au “leur” wakiwa wengi, na hafuatwi kamwe. Niliwahi kudhani kauli ya kutendea ingetosha kuwa dalili, yaani kila penye -ia au -ea, kama “niliwaandikia”, weka “leur”. Inafanya kazi mara kadhaa, kisha inakuangusha: “kujibu” haina -ia lakini ni “répondre à”, na “kusaidia” inayo, lakini ni “aider” bila “à”. Njia salama ni kukariri kitenzi pamoja na “à” yake, kama unavyokariri nomino na “une” yake.

Sasa sehemu ya watu, ambako naungana na mwalimu wako wa pili. Kwenye Kiswahili uhai unazishinda ngeli. “Kiongozi” lina ki-, “kijana” lina ki-, “daktari” halina kitu, lakini wote ni huyu, amefika, mrefu. Ndege wa angani ni mkubwa, ndege ya abiria pale Songwe ni kubwa. Tumezoea kwamba ukiwa na mtu mbele yako, mtu ndiye anayetawala sentensi, umbo la neno linakaa pembeni. Kifaransa mara nyingi hufanya hivyo pia, lakini kina maneno ambayo hayakubali. “La personne” ni la kike hata mtu huyo akiwa babu yako. “La victime”, aliyedhurika, ni la kike hata akiwa mwanamume.

Chukua ripoti ambayo kazini kwenu inaweza kukufikia siku yoyote: lori limeanguka mteremko wa Iwambi, dereva ameumia. Kwa Kifaransa utaandika “La victime, un chauffeur congolais, a été conduite à l'hôpital. Elle est consciente.” Dereva ni mwanamume, na bado ni “conduite” yenye t inayosikika, na “elle”. Mswahili akishaona “un chauffeur” anaruka mara moja kwenda “il”, kama anavyoruka kutoka ki- ya “kiongozi” kwenda a- ya “amefika”. Mazoea yaliyomfaa miaka yote yanamwangusha hapo. Ukianza na “la victime”, kaa na neno hilo. Ukianza sentensi mpya na “le chauffeur” kama nomino kuu, ndipo uhamie “il”.

La mwisho ni dogo kimaandishi, kubwa kwa anayekusikiliza. Kwa vitu Mswahili anapatia “elle” kwa urahisi niliousema. Kwa mama yake mzazi anakosea. Nimewasikia wanafunzi wa mwaka wa pili, hodari kabisa, wakisema “Ma mère est malade. Il est à l'hôpital.” Jinsia ya “mère” wanaijua, na “ma” wameiweka wenyewe. Ila yeye ni yeye, na a- ni a-, kwa baba na kwa mama; watu wote kwetu wako ngeli moja. Ngeli zikifika kwa binadamu zinaacha kuuliza swali ambalo Kifaransa kinauliza kila mara. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kutolitumia “il” wala “elle” kwa mtu mpaka jina au cheo chake kiwe kimetajwa pamoja na “le” au “la” kwenye sentensi iliyotangulia: “La cliente est arrivée. Elle attend.” Jumamosi ijayo chukua meseji kumi za wateja wako wa wiki hii, piga mstari chini ya kila “il” na “elle”, na kutoka kila moja chora mshale kurudi kwenye nomino yake. Mshale ukikosa pa kutua, andika upya sentensi hiyo kabla hujaituma.